Kuipima Kampuni ya Kukodisha Magari kabla ya Kukabidhi Pesa ya Dhamana

Siku ya kuchukua gari, karibu kila kampuni ya kukodisha magari huwa nzuri. Gari limeoshwa, karani ana tabasamu, na mkataba husainiwa kwa dakika chache kwa sababu mteja ana haraka ya safari. Sura halisi ya kampuni huonekana siku ya kurudisha gari, pale mteja anapouliza, "Pesa yangu ya dhamana nitaipata lini?"

Katika malalamiko yanayohusu magari ya kukodi, ugomvi unaweza kuanzia kwenye mkwaruzo, mafuta yaliyopungua au gari lililozimika njiani, lakini mwisho wake huwa mmoja: kampuni imekata sehemu ya pesa ya dhamana na mlaji haoni haki ya makato hayo. Kwa hiyo makala hii inaitazama biashara ya kukodisha magari kupitia dhamana. Hali ya gari, kanuni ya mafuta na msaada wa njiani zinaelezwa hapa kama mambo yanayoamua ni kiasi gani kitarudi mfukoni mwako. Anayehusika hasa ni mlaji anayekodi gari na kuliendesha mwenyewe. Anayekodi gari pamoja na dereva wa kampuni hubeba mzigo mdogo zaidi, kwa kuwa mengi kati ya haya humwangukia dereva huyo.

Mfano wa safari moja

Ili maelezo yasielee hewani, tumetunga mfano mmoja ambao tutaufuata hadi mwisho. Mlaji mmoja wa Dar es Salaam anakodi gari dogo la familia kwa siku tano ili aende Moshi kwenye harusi ya mdogo wake. Mbali na kodi ya kila siku, anaacha dhamana ya shilingi 500,000 kwa njia ya simu. Anachukua gari jioni baada ya kazi, anasafiri kesho yake alfajiri, na akiwa karibu na Mombo gari linachemka na kusimama. Anasaidiwa, anafika, anarudi, anakabidhi gari. Siku mbili baadaye anapokea shilingi 130,000 tu.

Alipodai maelezo, kampuni ilimtumia orodha ya makato manne: mafuta pungufu shilingi 70,000, mkwaruzo kwenye bampa la nyuma shilingi 150,000, faini ya barabarani shilingi 30,000, na gharama ya kuvuta gari shilingi 120,000. Jumla ni shilingi 370,000. Je, yapi kati ya haya yalikuwa halali? Jibu la kila moja lilikuwa limeamuliwa kabla hata gari halijatoka kwenye uwanja wa kampuni.

Hali ya gari: ukaguzi wa pamoja na karatasi yake

Kampuni yenye utaratibu hutoa fomu ya makabidhiano. Fomu hiyo huwa na mchoro wa gari ukilionyesha kwa pande zote, na kila mkwaruzo, bonyeo au ufa huwekewa alama mahali pake. Pande zote mbili husaini, na mteja hubaki na nakala. Kampuni isiyo na fomu hii, au inayoijaza yenyewe ofisini na kumletea mteja aisaini bila kuzunguka gari, tayari imekuonyesha jinsi itakavyokata dhamana: kwa kumbukumbu yake peke yake.

Zunguka gari pamoja na mhusika wa kampuni mchana, gari likiwa safi na kavu. Vumbi, maji na giza huficha mikwaruzo. Anzia pembe moja na uzunguke hadi urudi ulipoanzia, ukipiga video ya simu bila kuikata, na mwanzoni uonyeshe namba ya gari. Usiishie usawa wa macho. Inama utazame sehemu ya chini ya mabampa, kingo za milango, rimu na kioo cha mbele. Sehemu hizi zina umuhimu wa pekee kwa sababu mikataba mingi huzitenga: hata pale mteja anapokuwa amepunguziwa wajibu wa hasara, matairi, vioo, rimu na uvungu wa gari mara nyingi hubaki juu yake.

Ukaguzi wa sura ya gari hulinda fedha. Ukaguzi wa usalama hulinda maisha. Kwenye ubavu wa kila tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha lini lilitengenezwa. Mathalani, 3518 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi la miaka mingi linaweza kuwa na kashata nzuri kwa macho huku mpira wake umekauka na kupata nyufa ndogo ubavuni. Ndani ya mifereji ya tairi pia kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata ikilika hadi kulingana na vinundu hivyo, imebaki takribani milimita 1.6, na tairi hilo halifai tena barabara yenye maji. Fungua buti uone kama kuna tairi la akiba lenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuakisi mwanga na kizima moto. Askari wa usalama barabarani atakuuliza wewe uliye nyuma ya usukani, wala si kampuni.

Kisha fungua boneti injini ikiwa ya baridi. Tazama kiwango cha maji ya rejeta na cha oili, na uibonyeze kwa vidole mipira ya maji inayoingia na kutoka kwenye rejeta. Mpira mzima hunepa na kurudi. Uliochoka huwa mgumu, umevimba au una nyufa karibu na vibana vyake. Washa gari, uache injini ifanye kazi dakika kumi, na uangalie kama taa yoyote ya tahadhari inabaki kuwaka kwenye dashibodi. Kampuni ikikuambia, "Hiyo taa huwaka tu, usijali," omba iandike maneno hayo kwenye fomu. Mara nyingi gari jingine hupatikana ghafla.

Mlaji wa mfano wetu alifanya nusu ya haya. Alipiga video, lakini alichukua gari magharibi, chini ya taa hafifu, na sehemu ya chini ya bampa la nyuma ilitoka nyeusi tupu. Hakufungua boneti.

Dhamana: kiasi, njia, muda na mapato ya makato

Pesa ya dhamana si ada, wala si sehemu ya kodi. Ni mali yako iliyowekwa mikononi mwa kampuni kwa sharti maalumu. Sharti hilo linapaswa kuandikwa, na maandishi hayo yajibu maswali manne: ni kiasi gani, kimepokelewa kwa njia gani na kwa jina la nani, kitarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya gari kukabidhiwa, na ni mambo gani tu yanayoweza kukatwa.

Swali la pili hupuuzwa sana. Dhamana inayotumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, badala ya akaunti au namba ya malipo ya kampuni, huwa ngumu kuidai, hasa mtu huyo akiacha kazi. Ikiwa huna njia nyingine, hakikisha risiti ya kampuni inataja kiasi hicho kuwa ni dhamana na inataja namba ya muamala. Mkubaliane pia nani atabeba gharama ya kutuma pesa itakaporudishwa. Kwa mwenye kadi ya benki, kampuni inaweza kuzuia kiasi badala ya kukitoa. Kiasi kilichozuiwa bado kiko kwenye akaunti yako ingawa huwezi kukitumia, na kikishaachiliwa na kampuni, benki yaweza kuchukua siku kadhaa kukionyesha.

Swali la nne ndilo kiini. Neno "uharibifu wowote" katika mkataba ni mlango usio na kitasa. Maneno bora husema kwamba makato ya uharibifu yatafanywa kwa kasoro ambayo haikuwemo kwenye fomu ya kuchukulia gari na ikaonekana kwenye fomu ya kurudishia, na kwamba kiasi kitathibitishwa kwa ankara au makisio ya gereji. Omba maneno hayo yaongezwe kwa kalamu na yasainiwe pembeni. Kampuni inayokataa kuthibitisha makato yake kwa ankara inakutaka uiamini katika jambo ambalo yenyewe ndiyo inayonufaika nalo.

Hapa ndipo bima inapoingia, kwa kuwa dhamana hufunika tu hasara ndogo. Bima ndogo hulipa madhara uliyowasababishia wengine. Haitengenezi gari ulilokodi. Bima kubwa hulitengeneza gari lenyewe, lakini kwa kawaida kuna sehemu ya kwanza ya hasara ambayo bima hailipi, na kampuni humpa mteja sehemu hiyo aibebe. Uliza ni kiasi gani, na kiandikwe. Jambo zito zaidi ni matumizi ya gari yaliyotajwa kwenye bima. Gari lililokatiwa bima kwa matumizi binafsi kisha likakodishwa linaweza kukataliwa fidia siku ya ajali, na mzigo ukarudi kwa aliyeendesha. Hapa Tanzania gari la biashara hubeba kibao cheupe cha namba, na la binafsi hubeba cha njano. Ukiletewa gari la kukodi lenye kibao cha njano, omba kuona hati ya bima na usome matumizi yaliyoandikwa. Uhalali wa bima unaweza kuuhakiki mwenyewe kwa namba ya gari kwenye tovuti ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, tiramis.tira.go.tz.

Faini nazo hukatwa kwenye dhamana, na ni haki kwa zile ulizozisababisha. Lakini faini za barabarani hufuata namba ya gari, na gari la kukodi hupita mikono mingi. Kabla ya kusaini, ingiza namba ya gari kwenye tms.tpf.go.tz na uhifadhi picha ya skrini inayoonyesha madeni yaliyopo siku hiyo. Fanya hivyo tena siku ya kurudisha.

Mafuta: robo ya nani?

Kanuni za mafuta ziko za aina tatu hasa. Ya kwanza, unachukua gari likiwa limejaa tangi na unalirudisha limejaa. Ya pili, unalirudisha na kiwango kile kile ulichokikuta, kiwe nusu au robo. Ya tatu, unalipia tangi zima mapema na kurudisha gari na chochote kilichobaki, bila kurudishiwa thamani yake.

Kanuni ya kwanza ndiyo rahisi kuthibitisha, kwa kuwa tangi lililojaa halina ubishi: pampu hujizima. Kanuni ya pili ndiyo inayozaa magomvi. Geji ya mafuta si mizani. Magari mengi hukaa muda mrefu kwenye alama ya juu kisha hushuka haraka baada ya nusu, na mshale hubadilika gari linapoegeshwa kwenye mteremko. Anayesoma geji kwa jicho anaweza kuiona robo mahali pasipo na robo. Kanuni ya tatu ina faida kwa anayejua kwamba atamaliza tangi. Kwa safari fupi, mlaji huinunulia kampuni mafuta.

Lolote mtakalochagua, piga picha ya dashibodi wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha, gari likiwa limewashwa mahali tambarare, picha ionyeshe geji na kilomita kwa pamoja. Jaza mafuta kwenye kituo kilicho karibu na ofisi ya kampuni na utunze risiti ya kielektroniki yenye lita, bei na saa.

Mkataba useme pia kila lita pungufu itatozwa kwa bei gani. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutofautiana kati ya mji na mji. Hizo ndizo kipimo chako. Kampuni yaweza kudai nyongeza kwa ajili ya kumtuma mtu kituoni, na hilo si kosa iwapo nyongeza hiyo iliandikwa tangu mwanzo. Nyongeza inayozaliwa siku ya kurudisha gari haina msingi.

Turudi kwenye mfano wetu. Gari lilikuwa na tangi la lita 60, na geji yake ilikuwa na alama nane. Kampuni ilidai robo tangi pungufu, yaani lita 15, kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ambayo ni shilingi 45,000, kisha ikaongeza shilingi 25,000 za "huduma ya kujaza". Picha mbili za mlaji zilionyesha tofauti ya alama moja, si mbili. Alama moja kati ya nane za tangi la lita 60 ni kama lita 7.5, sawa na shilingi 22,500. Huduma ya kujaza haikuwemo kwenye mkataba. Makato halali yalikuwa shilingi 22,500 badala ya 70,000.

Gari likizimika njiani

Ahadi ya "msaada saa 24" ni rahisi kuchapishwa kwenye kipeperushi. Ili kuijua thamani yake, piga ile namba ya dharura usiku mmoja kabla ya kusaini, ukiwa nyumbani, na usikilize kama inapokelewa na kama anayepokea anajua atafanya nini. Muulize mambo matatu: nikikwama umbali wa kilomita 300 kutoka hapa, nani atakuja? Atalipwa na nani? Na gari likishindikana, nitapata jingine au nitarudishiwa kodi ya siku zilizobaki? Kampuni nyingine hutoa msaada ndani ya mji wake tu, na mteja aliye nje hutafuta fundi mwenyewe. Utaratibu huo si wa udanganyifu endapo umeelezwa, ila anayesafiri kwenda mbali afahamu anachonunua.

Mgawanyo wa kawaida wa wajibu ni huu. Kuharibika kunakotokana na uchakavu au matengenezo duni, kama vile betri iliyokufa, mpira wa maji uliopasuka au mkanda wa injini uliokatika, ni juu ya mwenye gari. Kuharibika kunakotokana na matendo ya dereva, kama kuweka dizeli kwenye gari la petroli, kupiga jiwe kwa uvungu au kupoteza ufunguo, ni juu ya mteja. Pancha hutegemea mkataba. Tatizo hutokea pale uchakavu na matendo yanapochanganyika, na mfano mkubwa ni gari linalochemka. Mpira ukipasuka kwa uzee, hilo ni la kampuni. Dereva akiona mshale wa joto umepanda akaendelea kuendesha hadi injini ikaharibika, gharama ya injini yaweza kuwa yake.

Kwa hiyo, mshale wa joto ukipanda au taa nyekundu ya oili ikiwaka, simama mahali salama mara moja na uzime injini. Weka pembetatu mbele na nyuma. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, kwani maji yaliyo ndani yako chini ya mgandamizo na yanaweza kukuunguza vibaya. Piga picha ya dashibodi iliyo na kilomita, kisha piga simu kwa kampuni papo hapo. Baada ya simu, tuma ujumbe mfupi wa maandishi unaorudia mlichokubaliana: mahali ulipo, tatizo, na maelekezo uliyopewa. Usiruhusu fundi kufungua kitu wala usilipe matengenezo kabla ya kibali cha maandishi cha kampuni, hata ikiwa ni ujumbe wa neno moja. Aliyelipa bila kibali huambiwa, "Nani alikutuma?" Kama hakuna anayepokea simu, andika saa za kila simu uliyopiga. Orodha hiyo ya simu zisizojibiwa ndiyo itakayoeleza kwa nini ulilazimika kuamua peke yako.

Mlaji wetu alifanya vizuri hapa. Alisimama mara tu mshale ulipoanza kupanda, akapiga picha ya dashibodi saa 4 na dakika 10 asubuhi, na simu yake kwa kampuni ikasomeka saa 4 na dakika 14. Kampuni ilituma gari la kuvuta kutoka Korogwe. Fundi alikuta mpira wa rejeta umepasuka, na mlaji akamwomba aandike sababu kwenye karatasi ya gereji: mpira umechakaa. Injini ilikuwa nzima. Hata hivyo kampuni ilimkata shilingi 120,000 za kuvuta gari kwa madai kwamba "aliendesha likiwa na joto". Tofauti ya dakika nne, pamoja na neno la fundi, ililiondoa dai hilo.

Hesabu ya mwisho

Sasa tunaweza kuipitia orodha yote. Makato ya mafuta yalishuka hadi shilingi 22,500. Faini ya shilingi 30,000 iliondolewa kabisa, kwa kuwa mlaji alipotazama kumbukumbu kwa namba ya gari aliona kosa lilitendwa siku mbili kabla hajalichukua gari. Gharama ya kuvuta, shilingi 120,000, iliondolewa.

Mkwaruzo ulibaki. Mlaji aliamini kwamba aliukuta, na huenda ilikuwa kweli. Lakini fomu aliyoisaini haikuutaja, na video yake haikuonyesha chochote mahali pale. Alichoweza kudai ni uthibitisho wa kiasi. Kampuni ilipotakiwa kuleta makisio ya gereji, ikaleta karatasi ya shilingi 80,000, si 150,000. Alikubali kulipa hizo.

Makato halali yakawa shilingi 102,500, na dhamana iliyostahili kurudi ikawa shilingi 397,500. Kwa kuwa alikwishapokea 130,000, kampuni ilimwongezea shilingi 267,500. Shilingi 80,000 alizozipoteza ni bei ya kuchukua gari gizani. Angekuja asubuhi, akainama mara moja nyuma ya bampa na kuweka alama moja kwenye mchoro, huenda angebaki nazo.

Mfano huu unaonyesha pia kwamba kampuni moja inaweza kuwa nzuri katika jambo moja na mbaya katika jingine. Ilituma msaada kutoka Korogwe bila kuchelewa, na hilo ni la kusifiwa. Ila ilikata dhamana kwanza na kutafuta ushahidi baadaye. Unapomweleza ndugu au rafiki kuhusu kampuni uliyoitumia, usiishie kusema ni nzuri au mbaya. Mwambie gari lilikuwa katika hali gani, dhamana ilirudi baada ya siku ngapi na kwa makato yapi, mafuta yalihesabiwaje, na simu ya dharura ilipokelewa baada ya muda gani. Maelezo ya namna hiyo humsaidia, na pia hayamwonei mfanyabiashara, kwa kuwa kila neno lina tarehe na karatasi yake.

Ukikatwa isivyo haki

Anza kwa kuiandikia kampuni. Taja namba ya mkataba, tarehe za kuchukua na kurudisha, kiasi cha dhamana, kila kato unalolipinga na ushahidi wake. Toa muda wa kujibu, kwa mfano siku saba. Usichanganye madai: linalothibitika liandike, usilo na ushahidi nalo liombee ankara. Barua fupi yenye picha nne ina nguvu kuliko simu kumi za hasira.

Usiporidhika, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Kampuni iliyotangaza "msaada saa 24 nchi nzima" huku haina, au iliyotangaza kodi isiyo na makato kisha ikaongeza ada zilizofichwa, inaweza kuulizwa kwa msingi huo. Suala la bima kukataa kulipa hupelekwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Na pale ubishi unapokuwa ni deni tupu la dhamana, mahakama ya mwanzo iko wazi kwa madai ya mikataba.

Katika ngazi zote hizo utaulizwa karatasi zile zile: mkataba, fomu mbili za makabidhiano, risiti ya dhamana, picha za dashibodi na ujumbe uliotuma. Zitunze hadi shilingi ya mwisho ya dhamana itakaporudi, na kwa faini zinazochelewa kuonekana, ongeza wiki chache baada ya hapo.